Besi iliyopotea kati ya spika na sabufa: uchambuzi wa kisa cha sebule moja Kisumu

Kisa hiki kinahusu mfumo mdogo wa sauti wa kuchezea michezo ya konsoli katika nyumba ya kupanga mjini Kisumu. Jina la mwenye mfumo, mtaa na aina za vifaa vimeondolewa. Vipimo na mipangilio vimeachwa vilivyo, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kilichoharibika na namna kilivyorekebishwa.

## Usuli

Sebule ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3.6, sakafu ya vigae, na dirisha kubwa la vioo vyembamba vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Runinga imewekwa katikati ya ukuta mrefu, na kochi limeegemezwa kwenye ukuta wa pili unaokabiliana nayo. Kila upande wa runinga kuna spika ndogo yenye koni ya inchi 5, na mgongoni mwake pameandikwa kwamba inaanzia hezi 60. Risiva ni ya mitumba, ya chaneli 5.1, na iliuzwa bila maikrofoni yake ya kupimia chumba. Sabufa ina amplifaya yake ndani, na nyuma ina nobu mbili, ya sauti na ya krosova, yaani mpaka wa masafa ambapo sabufa na spika hugawana kazi, kuanzia hezi 50 hadi 150, pamoja na swichi ya fezi inayogeuza mwelekeo wa wimbi la sauti, yenye nafasi mbili, 0 na 180. Konsoli ni PlayStation 4 ya umbo jembamba, toleo ambalo halina tundu la optiki.

Kabla ya hapo mwenye mfumo alikuwa akitumia seti ya kawaida ambayo spika zake ndogo huchomekwa moja kwa moja kwenye sabufa, na sabufa ndiyo inayozigawia sauti na umeme. Mazoea hayo yalimfanya atazamie kwamba nobu za sabufa ndizo zitakazopanga besi ya mfumo mpya pia. Katika mfumo wenye risiva mambo huenda kinyume chake. Risiva ndiyo inayoamua sauti ipi iende wapi, na sabufa hupokea kile ilichogawiwa.

## Mambo yalivyofuatana

Alipounganisha vifaa kwa mara ya kwanza, konsoli iliingia kwenye runinga kwa HDMI, na runinga ikaipelekea risiva sauti kwa kebo ya optiki. Sabufa iliunganishwa kwa waya mmoja wa RCA kutoka tundu la `SUBWOOFER PRE OUT`, na hilo lilikuwa sahihi. Katika menyu ya risiva, hata hivyo, spika za mbele ziliachwa kwenye `Large`, yaani zicheze besi yao yote zenyewe, na sabufa kwenye `LFE`, yaani ipokee chaneli ya pekee ya besi.

Matokeo yake ni kwamba sabufa ilinyamaza. Katika mchezo wa vita, mabomu yalisikika kama milango inayofungwa kwa nguvu, na taa ya sabufa ikageuka nyekundu kwa kuwa ilijizima yenyewe baada ya kukosa sauti ya kucheza. Alibadilisha waya wa RCA akidhani umekatika ndani, lakini hali ikabaki ile ile. Kisha akapata katika menyu chaguo la `LFE+Main`, akalijaribu, na besi ikaja kwa kishindo. Ilikuwa nyingi mno na yenye noti moja tu, hata sauti za watangazaji wa mpira zikawa nzito kana kwamba wanaongea ndani ya pipa. Ili kuituliza, aliishusha nobu ya krosova ya sabufa hadi hezi 50 na kuacha nobu ya sauti kwenye robo tatu.

Aliniita kwa sababu ya tatizo jingine kabisa. Kila alipopandisha sauti, spika ndogo zilitoa mlio wa kukwaruza wakati wa milipuko, naye akahofu kuwa zinaungua. "Fundi, hizi spika nimeuziwa mbovu ama risiva ndiyo inaziua?" aliniuliza nilipofika.

## Uchunguzi

Nilianza kwa kuondoa vitambaa vinavyofunika spika na kumwomba acheze tena sehemu ya mchezo yenye milipuko. Koni za inchi 5 zilikuwa zikiruka mbele na nyuma kwa umbali unaoonekana wazi kwa macho, na mlio wa kukwaruza ulitokea pale koni ilipofika mwisho wa safari yake. Spika haikuwa mbovu. Ilikuwa inalazimishwa kucheza besi ambayo umbo lake haliiwezi. Ili koni itoe sauti ya nguvu ile ile kwa masafa yaliyo nusu ya yale ya awali, lazima isafiri umbali mara nne. Spika ambayo haina taabu yoyote kwa hezi 120 inahitaji safari mara nne kwa hezi 60 na mara kumi na sita kwa hezi 30. Koni ndogo haina nafasi hiyo, na `Large` ndiyo iliyokuwa ikiiamuru ijaribu.

Hatua ya pili ilikuwa kuchunguza sabufa peke yake. Risiva ikiwa imezimwa, nilichomoa nyaya za spika mbili, kisha nikaiwasha na kucheza kutoka kwenye simu, kupitia tundu lake la `AUX`, toni moja moja kuanzia hezi 30 hadi 120. Kwenye hezi 48 hivi sebule nzima ilijaa na vioo vya dirisha vikaanza kugongana. Kwenye hezi 80 sabufa ilisikika kwa mbali sana. Nilipozungusha nobu ya krosova ya sabufa kutoka 50 hadi mwisho wake, toni ile ile ya hezi 80 ilipanda pale pale bila kugusa kitu kingine chochote.

Jaribio hilo lilifichua vichujio viwili vilivyokuwa vikifanya kazi kwa kufuatana. Risiva ilikuwa imekwisha kukata masafa ya juu kabla ya kuipelekea sabufa, kisha nobu ya sabufa ikayakata kwa mara ya pili, na chini zaidi. Hata kama kichujio cha sabufa ni cha mteremko mpole wa desibeli 12 kwa kila okteva, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili, kikiwekwa kwenye hezi 50 hupunguza hezi 80 kwa takriban desibeli 9 za ziada. Hivyo ndivyo eneo lote kati ya hezi 60 na 100 lilivyodhoofika, na humo ndimo mnamokaa ngumi ya ngoma, mngurumo wa injini na sehemu kubwa ya uzito wa mlipuko.

Kilichobaki na nguvu ni hezi 48, na kwa bahati mbaya hayo ndiyo masafa ambayo chumba hiki kinayakuza. Upana wa mita 3.6 hulingana na nusu ya wimbi la masafa hayo, kwa maana mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde ukigawanywa kwa mara mbili ya 3.6 hutoa 48 hivi. Kochi lililoegemea ukuta liko mahali ambapo ukuzaji huo husikika kwa nguvu zaidi. Aliposhusha nobu hadi 50 ili kuituliza besi, mwenye mfumo aliondoa masafa mazuri na kubakiza yale yaliyokuwa yakimkera.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikubaliana kubadilisha jambo moja kwa wakati na kusikiliza sehemu ile ile ya mchezo baada ya kila badiliko, ili ijulikane kila hatua imeleta nini.

Tulianza kwenye sabufa. Nobu yake ya krosova ilipelekwa hadi mwisho, hezi 150, ili kichujio chake kisiingilie cha risiva. Sabufa nyingine zina tundu au swichi iliyoandikwa `LFE` inayokiruka kichujio hicho kabisa, na palipo na hiyo ndiyo ya kutumia. Nobu ya sauti iliwekwa katikati. Swichi ya kujizima iliwekwa kwenye `ON`, kwa kuwa michezo huwa na vipindi virefu vya utulivu ambavyo sabufa hudhani hakuna sauti, ikajizima, na kuamka ikiwa imechelewa.

Katika menyu ya risiva, spika za mbele zikawekwa `Small` na sabufa ikarudishwa `LFE`. Chaguo la `LFE+Main` ndilo lililokuwa likizipa spika na sabufa besi ile ile kwa pamoja, na hapo ndipo ule uzito wa pipa ulipotoka. `Small` haizungumzii ukubwa wa sanduku la spika. Maana yake ni kwamba masafa yaliyo chini ya krosova yaondolewe kwenye spika hiyo na kupelekwa kwenye sabufa, hata pale sauti inapoingia ikiwa ya stirio tu.

Kisha ikaja krosova yenyewe. Tulijaribu hezi 80 kwanza, kwa kuwa ndiyo inayopendekezwa mara nyingi, na milipuko ikapata uzito mara moja. Hata hivyo, kwa sauti kubwa koni bado zilikwaruza mara chache. Maandishi ya "hezi 60" mgongoni hueleza mahali ambapo spika bado inasikika, wala hayaahidi kwamba itavumilia nguvu kubwa hapo. Kichujio nacho hakikati kama kisu. Chini ya hezi 80 spika huendelea kupokea kiasi kinachopungua polepole. Kwa hezi 100 koni zilitulia, hata zikaonekana kama hazisogei. Kwa hezi 120 zilitulia pia, lakini sauti za wanaume katika mchezo zilianza kusikika kana kwamba kuna mtu kando ya kochi, mahali sabufa ilipokuwa. Tukachagua 100.

Uamuzi huo ulifungua tatizo jingine ambalo kwa hezi 80 lisingejionyesha waziwazi hivyo. Sabufa ilikuwa kando ya kochi, mita 1.2 kutoka kwa mchezaji, ilhali spika zilikuwa mita 2.8. Tofauti ya mita 1.6 inakaribia nusu ya wimbi la hezi 100, ambayo ni mita 1.7. Umbali wote ukiwa umeachwa sawa katika menyu, sauti ya sabufa ilifika mapema kiasi kwamba sabufa ilipokuwa ikisukuma hewa, spika zilikuwa zikiivuta, na palipopaswa kuwa na makutano pakawa na shimo. Toni ya hezi 100 ilikuwa dhaifu kwenye kochi kuliko ile ya 70 au ya 140. Tulipoingiza umbali halisi katika menyu, risiva iliichelewesha sabufa na shimo likajaa. Bado, mngurumo wa magari uliendelea kuvutwa upande wa kochi, kwa sababu krosova ya hezi 100 huacha kwenye sabufa masafa ambayo sikio linaanza kuyatambulisha na mahali yanapotoka. Kwa hiyo tuliihamisha sabufa mbele, kati ya meza ya runinga na spika ya kulia, mita 3.0 kutoka kochini, na kuandika umbali huo katika menyu.

Fezi ilikaguliwa mwisho, kwa kuwa kila kuhama kwa sabufa huibadilisha. Toni ya hezi 100 ikichezwa na spika na sabufa pamoja, mwenye mfumo alikaa kochini huku nikigeuza swichi. Kwa 0 toni ilijaa, kwa 180 ikapungua waziwazi, hivyo ikabaki 0. Kanuni ni kuchagua nafasi inayotoa sauti kubwa zaidi kwenye masafa ya krosova yenyewe, mchezaji akiwa kwenye kiti chake.

Ni baada ya haya ndipo tulipogusa njia ya sauti ya konsoli. Konsoli ilihamishiwa kwenye tundu la HDMI la risiva, na HDMI nyingine ikatoka risiva kwenda kwenye runinga. Sababu ni kwamba konsoli huiuliza runinga inaweza kupokea nini, na runinga hiyo ilijibu stirio, kwa hiyo konsoli ikatoa chaneli mbili tu. Kebo ya optiki nayo, hata runinga ingekubali zaidi, haina uwezo wa kubeba PCM, yaani sauti isiyobanwa, ya zaidi ya chaneli mbili. Chaneli ya pekee ya besi, ile ya `LFE`, haikuwa ikifika kwenye risiva hata kidogo. Mipangilio ya konsoli ikawa hii:

```
Settings > Sound and Screen > Audio Output Settings
Primary Output Port: HDMI OUT
Audio Format (Priority): Linear PCM
```

Uso wa risiva uliandika `MULTI CH IN` mchezo ulipoanza, na huo ndio uthibitisho wa kutafuta. Katika mchezo wenyewe kulikuwa na menyu ya sauti iliyokuwa kwenye chaguo la runinga, nasi tukaibadilisha kuwa la spika za nyumbani. Kwa kuwa risiva imeambiwa hakuna spika ya kati wala za nyuma, huchanganya chaneli hizo katika spika mbili za mbele, na `LFE` huiacha kwa sabufa. Kichujio cha `LPF for LFE` kiliwekwa hezi 120, ambayo ndiyo mwisho wa chaneli hiyo, na hakihusiani na krosova ya spika. Kukiweka 80 ni kutupa sehemu ya chaneli ambayo hakuna spika nyingine itakayoicheza.

Kiwango cha sabufa kilipangwa kwa mlio wa majaribio wa risiva yenyewe. Programu ya kupima sauti kwenye simu ilitusaidia kulinganisha spika ya kushoto na ya kulia, lakini kwa sabufa hatukuiamini, kwa kuwa maikrofoni nyingi za simu hupunguza besi. Kama tungeifuata, sabufa ingepandishwa kupita kiasi. Hapo tulitegemea sikio na matangazo ya mpira: pale sauti ya mtangazaji inapoanza kunenepa, sabufa imezidi.

## Matokeo

Spika hazikukwaruza tena, hata kwa sauti ambayo mwenye mfumo alisema hajawahi kuithubutu. Mlipuko ulianza mbele, kwenye runinga, na uzito wake ukatoka pale pale. Kwenye mchezo wa magari, kupanda kwa injini kutoka chini hadi juu kulipita krosova bila pengo la kusikika.

Kuna mambo mawili ambayo hayakuisha. Ukuzaji wa hezi 48 upo bado, maana ni wa chumba, na ukuta wa mbele nao huuamsha. Kulisogeza kochi mbele kwa sentimita 30 na kupunguza sabufa desibeli 2 kuliulainisha, lakini toni ya majaribio bado huuonyesha. Vioo vya dirisha vilinyamazishwa kwa vipande vya mpira kwenye fremu, na inafaa kusema kwamba sehemu ya kile alichokuwa akikiita besi mbaya ilikuwa milio ya vioo hivyo. La pili ni jirani wa ukuta mmoja. Besi hupita ukuta kwa urahisi kuliko masafa mengine, kwa hiyo usiku sabufa hushushwa kwa rimoti ya risiva kwa desibeli 6, na nobu yake ya nyuma haiguswi.

Baada ya kuhama kwa sabufa kulitokea pia mvumo mwembamba usiokoma. Ulikoma tulipochomoa kebo ya dishi kwenye dikoda na ukarudi tulipoichomeka, jambo lililoonyesha kuwa ni mzunguko wa ardhi kati ya dishi na umeme wa nyumba. Uliondoka dikoda, risiva na sabufa zilipochomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Pini ya ardhi ya plagi haikuguswa, na isiguswe kamwe kwa ajili ya kuondoa mvumo.

## Uchambuzi

Kwa maoni yangu, faida kubwa kuliko zote ilitoka kwenye `Small` na nobu ya sabufa iliyoachwa wazi, na hizo zilifanyika konsoli ikiwa bado inatoa stirio kupitia runinga. Hilo lilisikika wazi kwa sababu HDMI iliachwa mwisho. Kama tungeanza na HDMI, tungeisifu kwa kazi isiyo yake, na spika zingeendelea kuteswa na besi ya chaneli za mbele. Chaneli ya `LFE` iliongeza uzito kwenye milipuko mikubwa tu. Injini, ngoma na nyayo ziko katika chaneli za kawaida, na hizo hufika kwenye sabufa kwa mgawanyo wa risiva peke yake.

Ukimya wa mwanzo ulitokana na mambo mawili yaliyokutana: chanzo cha stirio kisicho na `LFE`, na spika za `Large` zisizoachilia besi yao. Lolote kati ya hayo lingekuwa peke yake, sabufa ingesikika walau kwa kiasi. Ndiyo maana kubadilisha waya hakukusaidia, na ndiyo maana sabufa iliyonyamaza katika michezo haithibitishi kwamba imeharibika. Mlio wa majaribio wa risiva ungeonyesha ndani ya dakika moja kwamba waya na sabufa ni vizima.

Jaribio la hezi 80 halikutosha hapa, na lingetosha kwa spika zenye koni ya inchi 6 na nusu. Hezi 100 nazo zina gharama, kwani zinailazimu sabufa ikae mbele karibu na spika. Asiyeweza kuihamisha, hasa katika chumba chembamba ambamo soketi iko nyuma tu, huenda akafaidika zaidi na hezi 80 pamoja na sauti ya wastani.

Jambo moja limebaki la kumkumbusha mwenye mfumo, kwa kuwa alilikuta mwenyewe wiki iliyofuata na kunipigia simu. Kitufe cha `DIRECT` kwenye rimoti, katika risiva hii na nyingine nyingi, huiruka kazi yote ya kugawa besi. Alikibonyeza bila kukusudia, spika zikaanza kukwaruza tena na taa ya sabufa ikabaki kijani bila sauti yoyote kutoka. Nilimwelekeza abonyeze `STEREO`, na kila kitu kikarudi. Anapanga kuongeza spika ya kati. Atakapoiunganisha atahitaji kuiandika `Small` katika menyu na kuchagua krosova yake yenyewe kwa jaribio lile lile la kutazama koni. Kwenye konsoli hatabadilisha kitu, kwa kuwa chaneli hiyo tayari inafika kwenye risiva.